Wati 65 Zinazogeuka 15

Katika maduka ya simu ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, chaja huuzwa kwa namba. Ya wati 18 imewekwa kando, ya 33 ina bei yake, na ya 65 imening'inizwa mbele kabisa ili mpita njia asiikose. Mteja aliyenunua Samsung Galaxy A54, simu ambayo katika masoko mengi huja bila chaja ndani ya boksi, huona heri achukue kubwa kuliko zote. Simu yenyewe inapokea wati 25, basi 65 si zitatosha na kubaki? Anafika nyumbani, anachomeka, na chaji inapanda taratibu kuliko ya jirani yake mwenye chaja ya Samsung ya wati 25.

Si lazima awe ameuziwa feki. Chaja yake inaweza kuwa nzima, na ikaichaji kompyuta mpakato bila shida. Tatizo ni kwamba ile 65 ni kiwango cha juu ambacho chaja inaweza kutoa, tena kwa kifaa kinachojua kukiomba.

Wati ni volti mara ampea. Ukiunganisha simu kwa kebo yenye kichwa cha USB-C pande zote mbili, chaja huanza kwa kutoa volti 5 tu. Kisha chaja na simu huanza kuwasiliana kupitia uzi mmojawapo ndani ya kebo, kwa utaratibu uitwao PD. Chaja hutaja ilicho nacho: volti 5, 9, 15 au 20, na kila volti kwa ampea zake. Simu huchagua. Zile wati 65 hupatikana kwenye volti 20 kwa ampea 3.25, kiwango kinachoifaa kompyuta. A54 haiombi volti 20. Inachukua volti 9, na hata hapo hutosheka na ampea 1.67 hivi, yaani wati 15, ingawa chaja ingeweza kuipa zaidi.

Kwa nini ijinyime? Jibu liko kwenye joto. Betri ya simu ina volti kati ya 3.5 na 4.4, zinazopanda kadiri inavyojaa. Volti 9 zikiingia, lazima zishushwe ndani ya simu hadi kiwango ambacho betri inakubali, na kila kushusha hupoteza umeme kidogo unaogeuka joto, sentimita chache tu kutoka kwenye betri yenyewe. Ndiyo maana kwa wati 25 Samsung inataka chaja yenye nyongeza ya PD iitwayo PPS. Chaja ya namna hiyo haina ngazi nne tu. Inaweza kupandisha na kushusha volti kwa hatua za 0.02. Simu huiomba volti zinazokaribia mara mbili ya zile za betri kwa wakati huo, kisha chipu ndani ya simu huzigawa kwa mbili bila kupoteza kitu kikubwa. Kazi nzito ya kurekebisha volti, pamoja na sehemu kubwa ya joto lake, hubaki kwenye chaja iliyo ukutani, mbali na betri.

Kwa hiyo mnunuzi asome maandishi madogo kuliko ile namba kubwa. Ubavuni mwa chaja, chini ya neno "Output", kuna orodha ya volti na ampea. Chaja ya Samsung ya wati 25 inaonyesha volti 5 kwa ampea 3 na volti 9 kwa ampea 2.77, halafu mstari mwingine ulioandikwa PPS, unaofika volti 11 kwa ampea 2.25. Mstari huo ndio wa kutafutwa. Chaja ya wati 65 ya kampuni nyingine ikiwa nao, itaichaji A54 kwa kasi yake yote. Isipokuwa nao, hata ingekuwa ya wati 100, simu itarudi kwenye 15. Uthibitisho hupatikana dukani kwa sekunde chache: chomeka simu isiyojaa na utazame kioo. Ikiandika "Super fast charging", wameelewana. Ikiandika "Fast charging", ni zile wati 15.

Kebo nayo ina lake. Tundu pana la zamani, USB-A, halina njia ya mazungumzo ya PD, hivyo kebo yenye kichwa kipana upande mmoja haiwezi kuifikisha A54 kwenye wati 25 hata ichomekwe kwenye chaja ya bei gani. Kebo ya kawaida ya USB-C huishia ampea 3. Kupita hapo kunahitaji kebo ya ampea 5 iliyo na chipu ndogo ya kujitambulisha, jambo lisilomhusu mwenye A54 lakini linalomhusu sana mwenye simu ya Samsung ya wati 45. Na chaja yenye matundu mawili hugawa nguvu zake pale simu ya pili inapochomekwa, kwa hiyo namba ya ubavuni ni ya tundu moja likiwa peke yake.

Kampuni nyingine zimepita njia tofauti kabisa. Oppo ilipoleta VOOC mwaka 2014, iliacha volti kwenye 5 na kupandisha ampea hadi 4, kwa kebo na chaja vilivyotengenezwa mahususi kwa ajili hiyo. Chaja ya aina hiyo ikikutana na simu isiyoijua lugha yake, mara nyingi huipa chaji ya kawaida tu. Hakuna kinachoungua. Hofu kwamba chaja kubwa itaiunguza simu ndogo haina msingi, maana ampea huvutwa na simu, hazisukumwi na chaja. Kinachostahili kuogopwa ni chaja iliyoundwa vibaya, ambayo umeme wa ukutani haukutenganishwa ipasavyo na upande wa simu, na hatari hiyo ipo hata kwenye ya wati 5.

Swali linalobaki ni lile ambalo mafundi simu huulizwa kila siku: chaji ya haraka inaua betri?

Hesabu kidogo itasaidia. Betri ya A54 ni ya mAh 5000. Ukizidisha kwa volti 3.85 za wastani, inabeba wati-saa 19 hivi. Kwa wati 25 zisizopungua, ingejaa kwa dakika 46. Kwa kweli huchukua kama saa moja na dakika 20, kwa sababu simu hupunguza nguvu kadiri betri inavyojaa. Ndani ya betri, chembe za lithiamu husafiri na kujipenyeza kati ya matabaka ya grafiti. Ni kama abiria na daladala: gari likiwa tupu wanapanda kwa mkupuo, likijaa kila mmoja anahitaji muda wa kutafuta pa kusimama. Lithiamu ikisukumwa haraka kuliko grafiti inavyoweza kuimeza, hujiganda juu yake kama utando wa chuma. Sehemu ya chuma hicho hairudi kazini tena, na uwezo wa betri unapungua. Hatari huongezeka betri ikiwa baridi sana au ikikaribia kujaa, na ndiyo maana asilimia 20 za mwisho huchosha anayesubiri. Ucheleweshaji huo umewekwa makusudi.

Simu ikiidhibiti kasi hivyo, madhara ya wati zenyewe huwa madogo kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2025 HTX Studio, watengeneza video wa China, walitoa matokeo ya jaribio la takriban miaka miwili: simu za iPhone 12 na iQOO 7 zilijazwa na kumalizwa mara 500, nyingine kwa chaji ya haraka, nyingine ya polepole. Kati ya makundi hayo mawili, tofauti ya uwezo uliopotea haikufika asilimia 1. Simu zilikuwa chache, kwa hiyo matokeo hayo si msahafu, lakini yanaendana na kemia ilivyo.

Kinachochakaza kwa hakika ni joto, na pia kukaa muda mrefu betri ikiwa imejaa. Hali hizo mbili huharakisha athari za kikemia zinazonenepesha utando juu ya grafiti na kula lithiamu kidogo kidogo, hata simu ikiwa imelala mezani. Apple huwashauri wateja wake watumie iPhone mahali penye nyuzi kati ya 0 na 35. Mchana wa Februari Dar es Salaam hukaribia kikomo hicho kivulini, kabla simu haijafanya kazi yoyote.

Mfikirie dereva wa bodaboda anayepokea wateja kwa programu. Simu iko kwenye usukani, juani, mwanga wa kioo umepandishwa mpaka mwisho, ramani inafanya kazi, na waya wa chaji umeunganishwa na pikipiki. Chaji yenyewe ni ya polepole, pengine wati 5 au 10. Hata hivyo betri yake huchoka mapema kuliko ya karani anayechaji kwa wati 25 asubuhi, simu ikiwa mezani chini ya feni na bila kava nene. Dereva huyo akitumia mzunguko mmoja na nusu kwa siku, yaani asilimia 150 za betri, mizunguko 800 humwishia ndani ya mwaka mmoja na nusu. Karani wa mzunguko mmoja kwa siku hufika huko baada ya miaka miwili na zaidi. Namba hiyo ya 800 haikuokotwa tu: tangu Juni 2025 Umoja wa Ulaya unataka betri ya simu mpya inayouzwa huko ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko hiyo.

Dereva hawezi kuhamisha jua, lakini anaweza kuchomoa waya saa za mchana simu ikiwa na chaji ya kutosha, na kuurudisha anapopumzika kivulini. Anayechaji usiku kucha ana njia rahisi zaidi. Kwenye mipangilio ya betri ya A54 iliyosasishwa, sehemu ya "Battery protection" inaweza kuizuia simu isivuke asilimia 80. Asiye na haraka usiku anaweza pia kuzima "Super fast charging" hapo hapo, ingawa faida yake ni ndogo kuliko ya kuitoa simu chini ya mto.

Betri iliyochakaa hujionyesha. Asilimia hushuka kwa kuruka, kutoka 30 hadi 12 ghafla, au simu huzimika kamera inapofunguliwa ilhali bado ina chaji, kwa kuwa betri haiwezi tena kutoa ampea nyingi kwa mkupuo. Kubadilisha chaja hakutibu hali hiyo. Na mfuniko wa nyuma ukianza kuinuka au kioo kuachia pembeni, betri imevimba kwa gesi: isichajiwe tena kwa chaja yoyote, isibonyezwe wala kutobolewa, ipelekwe kwa fundi ikiwa imezimwa.