Maumivu ya upande mmoja katikati ya mwezi

Wapo wanawake ambao, hedhi ikiwa imekauka zamani na inayofuata bado iko mbali, hushikwa na maumivu chini ya kitovu, karibu na kinena, upande mmoja tu. Kwa mwingine ni kichomi cha dakika chache, kwa mwingine ni mvuto mzito unaokaa kutwa nzima. Mwezi huu yako kulia, mwezi ujao huenda yakahamia kushoto au yakarudi palepale. Akiuliza nyumbani ataambiwa ni chango, achemshiwe mizizi. Akienda duka la dawa ataambiwa ni yutiai na kupewa vidonge vya siku 5. Siku ya pili maumivu yamekwisha, na sifa zote zinakwenda kwa mizizi au kwa vidonge, ingawa mara nyingi yangekwisha hata kama asingemeza kitu.

Kinachouma mara nyingi ni yai kutoka. Mwanamke ana ovari mbili, moja kila upande wa mfuko wa uzazi. Kila mzunguko yai moja hukomaa ndani ya kifuko chenye majimaji kwenye ovari mojawapo, na kifuko hicho hujaa mpaka kufikia upana wa sentimita 2 hivi, kama tunda la zabibu. Ovari yenyewe haizidi sana urefu wa sentimita 3, kwa hiyo ngozi yake hukazwa kwelikweli, na mkazo huo peke yake unaweza kuuma hata kabla yai halijatoka. Kisha kifuko hupasuka. Yai linaelekea kwenye mrija wa uzazi, na majimaji pamoja na damu kidogo humwagika tumboni, ambako huchokoza utando laini unaofunika viungo vya ndani. Mwili huyanyonya majimaji hayo taratibu, na maumivu huisha ndani ya saa chache, yakizidi sana siku 2. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili kwa kawaida hayapati, kwa sababu dawa hiyo huzuia yai lisitoke. Mwenye kitanzi cha shaba huyapata kama kawaida.

Yatajulikanaje basi? Shahidi wa kwanza ni kalenda, na hapa wengi hukosea hesabu. Siku ya 14 tuliyofundishwa shuleni ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayokuja, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 24 hulitoa karibu na siku ya 10, na mwenye siku 32 karibu na siku ya 18. Shahidi wa pili ni ute wa ukeni, ambao siku hizo huwa mwingi, mwangavu na wa kuvutika kama ute wa yai bichi la kuku. Maumivu yakiangukia hapo, yakiwa ya kuvumilika, bila homa wala kutapika, na yakiisha yenyewe, hakuna cha kutibu. Parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 na chupa ya maji ya moto tumboni vinatosha. Anayetafuta mtoto asizoee ibuprofeni wala diklofenaki siku hizo, kwani dawa za kundi hilo zinaweza kuchelewesha kupasuka kwa kile kifuko.

Kalenda hiyohiyo, hata hivyo, inaweza kudanganya, na uongo wake mbaya zaidi ni huu. Tumchukue mwanamke mwenye mzunguko wa siku 30. Hedhi yake ilianza tarehe 3 Machi, hivyo ijayo anaitarajia tarehe 2 Aprili. Tarehe hiyo inapita kavu. Tarehe 5 anaona damu kidogo, nyeusi nyeusi, haijazi hata pedi moja, inatoka na kukata kwa siku kadhaa. Anajiambia hedhi imechelewa tu safari hii na imekuja hafifu. Tarehe 20 Aprili anaanza kuumwa chini kulia. Anahesabu kuanzia tarehe 5: leo ni siku ya 16. Kwa mzunguko wake ndiyo hasa siku ya yai. Anameza parasetamoli na kulala.

Ukihesabu kuanzia tarehe 3 Machi, zimepita siku 48, karibu wiki 7. Ile damu haikuwa hedhi. Mimba imetunga ndani ya mrija badala ya mfuko wa uzazi, na wiki ya 6 hadi ya 8 ndicho kipindi ambacho mimba ya namna hii hujionyesha zaidi. Mrija hauna nafasi ya kulea mimba. Ukipasuka, damu humwagikia tumboni ambako hakuna anayeiona, na mgonjwa anaweza kupoteza nyingi huku pedi yake ikiwa na matone tu. Ndiyo maana kiasi cha damu inayoonekana hakipimi hatari. Dalili za kuogofya ni kizunguzungu, kuzirai, jasho la baridi, na maumivu kwenye ncha ya bega. Hilo la bega huwashangaza watu, lakini sababu yake ni kwamba damu iliyojaa tumboni huchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, na neva yake hupeleka maumivu begani.

Kinachotenganisha hali hizi mbili ni kipimo cha mimba cha mkojo, kile kijiti kinachouzwa karibu kila duka la dawa. Siku yai linapotoka hakitasoma mimba. Kwa mwanamke wetu wa tarehe 20 Aprili kingeonyesha mistari 2, na altrasaundi ingefuata kuangalia mimba iko wapi. Ikigunduliwa kabla mrija haujapasuka, wengine hutibiwa kwa sindano bila kufanyiwa upasuaji.

Maumivu mengine huiga yale ya yai, ila hayaigi vizuri hivyo. Kidole tumbo kwa kawaida huanza kuuma kuzunguka kitovu, kisha baada ya saa kadhaa huhamia chini kulia, hamu ya chakula ikipotea na kila hatua au kikohozi kikiongeza uchungu. Hakipungui kadiri muda unavyokwenda. Ovari iliyojinyonga, hasa yenye uvimbe wa maji, huuma ghafla na vikali, na mgonjwa hutapika. Hiyo haingoji asubuhi, maana ovari imekatiwa damu. Maambukizi ya kizazi mara nyingi huuma pande zote mbili na huja na homa, uchafu wenye harufu au maumivu wakati wa tendo la ndoa. Na maumivu ya kila mwezi yanayozidi kukua, yakamtesa mtu zaidi wakati wa hedhi yenyewe, yanahitaji daktari wa wanawake hata kama hayana haraka.

Kwa hiyo, dada, andika tarehe ya hedhi kila mwezi, na andika pia ilikuwaje: nzito kama kawaida, au matone tu. Upande mmoja ukiuma na hedhi ya mwisho ilichelewa au ilikuja ya ajabu, pima mkojo kwanza kabla ya kusema ni yai. Kipimo kikisoma mimba, nenda hospitali siku hiyohiyo, tena usiende peke yako, hata kama njiani maumivu yamepoa.