Maelezo ya picha yasiyo na sauti

Jarida moja la Dar es Salaam lilimpa mtangazaji mstaafu wa redio kazi ya kuandika maelezo ya picha kwa wasomaji wasioona. Maelezo hayo hukaa nyuma ya picha, kwenye sehemu iitwayo `alt`. Simu au kompyuta huyasoma kwa sauti, au huyatuma kwenye kifaa cha nukta nundu, ambacho huinua na kushusha vipini vidogo chini ya vidole. Kwa kiziwi asiyeona, hiyo ya pili ndiyo njia pekee.

Picha ya kwanza ilitoka soko la samaki la Feri. Mzee akaandika: “Hapa tupo sokoni, msomaji wangu, jua ndio kwanza linachomoza. Mnunuzi anampa muuzaji noti, naye anacheka.”

Akayasoma kwa sauti yake nzito, na chumba kizima kikaiona Feri. Kisha yakapelekwa kwa msomaji wa majaribio, dada kiziwi asiyeona. Jibu lake lilikuja kwa maandishi: “Shikamoo mzee. Nani anacheka?”

Mzee alishangaa, maana alipokuwa akisoma alitua kidogo kabla ya “naye” na kumkazia muuzaji. Kwenye nukta nundu mkazo huo haupo. Kiswahili nacho hakimsaidii mwandishi hapa: “naye” yaweza kuwa yeyote kati ya wawili hao, na redioni sauti ndiyo iliyokuwa ikiamua.

Kulikuwa na tatizo jingine. Kifaa cha dada yule kina nafasi 40 za herufi. Alipogusa mstari wa kwanza, ulikomea kwenye “jua”. Alikuwa amesalimiwa, ameambiwa yupo sokoni, na bado hajakutana na mtu yeyote. Salamu humshika msikilizaji wa redio asihamie stesheni nyingine. Msomaji huyu yeye alishafika.

Mzee akaandika upya: “Muuza pweza anakataa noti ya mnunuzi.” Sentensi nzima ikaenea kwenye mstari mmoja. “Picha ya” hakuiweka, kwa kuwa kifaa chenyewe hutaja kwamba hii ni picha. Jua nalo likaondoka, ingawa kwa shingo upande. Habari iliyoambatana na picha ilihusu bei.

Kilichomsumbua zaidi ni kile kicheko. Alitaka kuandika “anacheka kwa dharau”, jambo ambalo zamani angelimaliza kwa kuvuta neno moja tu. Mhariri akamuuliza dharau ameiona wapi. Mzee akairudia picha, akaikagua polepole, akaongeza: “Muuzaji anacheka, mkono wake wa kushoto uko begani mwa mnunuzi. Mnunuzi amekunja uso.”

Dada akajibu: “Hao wanajuana. Mnunuzi ataongeza hela.”