Tiketi kabla ya pasipoti mpya: jina kwanza, namba baadaye

Wafanyabiashara wengi wa Juba hukata tiketi ya ndege huku pasipoti mpya ikiwa bado haijatoka, kwani nauli mara nyingi hupanda siku ya safari ikikaribia. Yawezekana, ila ujue kinachobadilika na kisichobadilika.

Tiketi hufungwa na jina. Namba ya pasipoti ni taarifa ya abiria tu, nayo wakala huibadilisha baadaye. Jina ni taabu. Sisi tuliorudi kutoka uhamishoni twaelewa: cheti cha Khartoum husema Yousif, cha Kampala Yusuf. Tiketi ifuate herufi zitakazokuwa katika pasipoti mpya.

Tuchukue mama anayekwenda Dubai tarehe 10 Machi, na pasipoti yake inakwisha 30 Julai. Bado ni hai, lakini Dubai hutaka muda wa miezi sita tangu siku ya kuingia, yaani hadi 10 Septemba. Atazuiwa hapa hapa Juba, maana akikataliwa kule, shirika la ndege ndilo hubeba mzigo wa kumrudisha.

Basi akate tiketi kwa namba ya zamani, akichagua inayoruhusu kubadili tarehe, pasipoti isije ikachelewa. Viza asiombe kwanza, kwani hutolewa kwa namba ya pasipoti. Pasipoti ikitoka, ampe wakala namba mpya na tarehe ya kuisha, kisha aombe viza.