Mwenye Hisa Nyingi Anapouza: Vifungu Vitatu vya Kusoma Kabla ya Kutia Saini

Kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti mkoani Singida kina hisa 10,000. Mwanzilishi ana 7,000, mwekezaji wa pili ana 2,000, na wewe uliyetoa fedha za mashine ya kwanza una 1,000. Mfano huu ni wa kubuni, lakini hali yenyewe huwakuta wanahisa wengi wa kampuni binafsi. Anatokea mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam, anataka kununua kwa shilingi 20,000 kila hisa. Kuanzia siku hiyo, utapata nini na lini ni suala la vifungu vitatu vya mkataba wa wanahisa: haki ya kutangulia kununua, haki ya kuuza pamoja, na haki ya kukokota.

Tuanze na ya kwanza. Haki ya kutangulia kununua humtaka mwanzilishi awape wenzake nafasi kabla hajamuuzia mtu wa nje. Anawaandikia taarifa yenye idadi ya hisa, bei na jina la mnunuzi, kisha anasubiri muda uliowekwa, mara nyingi siku 30. Kwa kuwa wewe na mwenzako mna hisa 3,000 na zako ni theluthi, mgawo wako katika zile 7,000 ni hisa 2,333. Utahitaji karibu shilingi milioni 47. Ni fedha nyingi, lakini pengine benki au ndugu watakusaidia. Sasa tafuta kwenye mkataba maneno yanayosema hisa zote zilizotangazwa lazima zinunuliwe, la sivyo toleo linafutika. Maneno hayo yakiwamo na mwenzako akakataa kununua, itabidi upate shilingi milioni 140 peke yako. Haki ipo kwenye karatasi, ila huwezi kuitumia.

Angalia pia nini kinatokea siku 30 zikipita. Kifungu kizuri humpa muuzaji muda maalumu, tuseme siku 90, wa kumuuzia mnunuzi yuleyule kwa bei isiyopungua ile aliyowatangazia. Akishusha bei, anarudi kwenu upya. Pasipo maneno hayo, anaweza kuwatajia 20,000 mkashindwa, halafu akamuuzia rafiki yake kwa 12,000.

Haki ya pili, ya kuuza pamoja, ni ya kukutoa wewe. Mwanzilishi akiuza, nawe unaweza kudai hisa zako ziingizwe katika mauzo hayo kwa bei na masharti yaleyale, usije ukabaki na bosi usiyemchagua. Hapa pana aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Tuseme mnunuzi anataka hisa 6,000 tu, na mwekezaji wa pili ameamua kubaki. Mkataba ukisema utauza kwa uwiano, hisa zinazouzwa zinagawanywa kati ya 7,000 za mwanzilishi na 1,000 zako: yeye atauza 5,250, wewe 750. Utabaki na hisa 250 chini ya mwenye kampuni mpya, na kumpata mtu wa kuzinunua itakuwa kazi. Mkataba ukisema kwamba udhibiti wa kampuni ukihama mwanahisa mdogo anaweza kuuza hisa zake zote, basi zako 1,000 zinatoka zote na mwanzilishi anauza 5,000. Dai aina hii ya pili.

Bei nayo ina mlango wa nyuma. Mnunuzi anaweza kulipa 15,000 kwa kila hisa, kisha akampa mwanzilishi malipo manono ya “ushauri” kwa miaka miwili. Ndiyo maana neno “bei” lifafanuliwe ndani ya mkataba kuwa ni fedha na manufaa yoyote mengine anayopata muuzaji kutokana na mauzo hayo.

Haki ya tatu ndiyo yenye meno, nayo si yako. Kukokota humruhusu mwenye hisa nyingi kukulazimisha uuze pamoja naye. Ina sababu yake: wanunuzi wengi wanataka kampuni nzima, na mtu mmoja mwenye asilimia kumi asiweze kuzuia mauzo yanayowafaa wote. Soma kwanza kiwango. Kikiwa asilimia 60, mwanzilishi wetu mwenye 70 anaamua peke yake. Kikiwa 75, anamhitaji mmoja wenu, na hapo unapata nafasi ya kujadiliana.

Kifungu kibaya huandikwa hivi: “Wanahisa wenye wingi wa hisa wanaweza kuwataka wanahisa wengine kuuza hisa zao kwa mnunuzi yeyote kwa masharti watakayokubaliana na mnunuzi huyo.” Hakuna bei ya chini, na mnunuzi anaweza kuwa shemeji yake. Kizuri husema: “kwa mnunuzi asiyehusiana nao, kwa bei ileile kwa kila hisa, ilipwe taslimu siku ya kukamilisha, na isipungue thamani itakayotolewa na mkaguzi huru.”

Kuna mambo mawili zaidi ambayo wengi huyaruka. La kwanza ni dhamana kwa mnunuzi. Kampuni ikiuzwa na baadaye ikabainika ina deni la kodi la shilingi milioni 60, maneno “kwa pamoja na kila mmoja peke yake” yanamruhusu mnunuzi kukudai wewe zote, ilhali hisa zako zilikuletea milioni 20. Omba iandikwe “kila mmoja kwa kadiri ya hisa zake, na kamwe si zaidi ya alichopokea.” Hapo mzigo wako ni milioni 6. La pili ni idhini ya mkurugenzi kukusainia hati ya kuhamisha hisa ukikataa. Karibu kila kifungu cha kukokota kinayo, na mara nyingi kinaizima pia haki yako ya kutangulia kununua. Omba upewe nafasi ya kufikia bei ya mnunuzi kabla hujakokotwa.

Usitegemee kwamba mahakama itakuokoa na ulichosaini. Huko Delaware, Marekani, wanahisa wa kampuni ya Authentix walisaini mwaka 2008 mkataba uliowataka wakubali mauzo na waache haki ya kisheria ya kuomba mahakama ipange thamani ya hisa zao. Kampuni ilipouzwa mwaka 2017, fedha nyingi zilikwenda kwa wenye hisa za upendeleo. Walipokwenda mahakamani, Mahakama Kuu ya Rufaa ya jimbo hilo iliamua mwaka 2021 kwamba saini yao inawafunga, kwa kuwa walikuwa wawekezaji wenye uelewa na wanasheria.

Mwisho, angalia vifungu hivi vinakaa wapi. Mkataba huwafunga waliousaini tu, na mnunuzi mpya hakuusaini. Viingizwe pia katika katiba ya kampuni iliyosajiliwa BRELA, na iwe sharti kwamba anayeingia asaini hati ya kujiunga kabla jina lake halijaandikwa kwenye daftari la wanahisa. Kwa sheria ya makampuni ya Tanzania, kubadili katiba kunahitaji robo tatu ya kura zinazopigwa, kwa hiyo mwanzilishi mwenye asilimia 70 hawezi kuvifuta peke yake iwapo ninyi wengine wawili mtapiga kura ya kupinga.

Wakili aliyeandaa mkataba kwa kawaida ni wa mwanzilishi. Tafuta wako, mpelekee vifungu hivi vitatu kabla hujatoa fedha, na kifungu cha kukokota kisichotaja bei ya chini usikitie saini.