Namba Zisisomeke kwa Kukisia

Mhasibu anaonyesha jedwali la bajeti kwenye mkutano wa video. Skrini yake kubwa ina pikseli 3840 kwa 2160, na kwake kila tarakimu inasomeka vizuri. Mwenzake anatazama kwa laptopu ya pikseli 1366 kwa 768. Ili picha nzima imwenee, inabidi ipunguzwe karibu mara tatu: herufi yenye kimo cha pikseli 20 inabaki na 7 hivi, na hapo 3 na 8 hazitofautiani tena.

Dawa ni kuonyesha dirisha la jedwali peke yake, si skrini nzima. Lipunguze hadi takribani pikseli 1280 kwa 720, yaani theluthi ya upana wa skrini hiyo na theluthi ya kimo chake. Sasa picha inafika kwa mwenzake ikiwa karibu na ukubwa wake halisi. Safu zitakazoonekana ni chache, kwa hiyo ficha zisizojadiliwa. Anayetazama kwa simu atahitaji zaidi: shikilia Ctrl ukizungusha gurudumu la kipanya mpaka maandishi yakue, au mtumie faili lenyewe.

Usiulize "mnaona?", maana wengi huitikia tu. Mwombe mmoja asome namba ya safu fulani. Akisema maandishi yana ukungu unaoondoka baada ya sekunde chache, tatizo ni mtandao. Acha kusogeza ukurasa haraka. Yakiwa makali lakini madogo, rudi kwenye dirisha.