Ondoa chunusi, kidoto kibaki

Picha za harusi zikitoka studio, mara nyingi shangazi mmoja huitazama ya bibi harusi kwa muda kisha akasema, "Mbona kama si yeye?" Hajui kilichobadilika. Ngozi imetakata, macho yanang'aa, lakini kidoto kilichokuwa juu ya mdomo tangu utotoni hakipo. Kifutio cha mguso mmoja kimekichukua pamoja na chunusi, kwa sababu chenyewe kinaona nukta nyeusi tu kwenye ngozi ya kahawia.

Kwa hiyo kazi nzuri huanza kabla ya kufuta chochote. Tuseme bibi harusi huyo ana chunusi tatu mbichi kidevuni, mabaka meusi ya chunusi za zamani kwenye taya, vidoto vidogo vyeusi mashavuni kama vya mama yake, kidoto cha juu ya mdomo na kovu la utotoni kwenye nyusi. Fungua picha katika Photoshop, tengeneza leya tupu juu yake, uzungushie duara jekundu kila kitakachobaki. Ukiwa na shaka, linganisha na picha yake ya miaka iliyopita. Chunusi haitakuwa mahali palepale, kidoto kitakuwepo. Vile vidoto vya mashavuni ndivyo vinavyoonewa zaidi. Watu wengi weusi huvipata kadiri umri unavyokwenda, mara nyingi kwa kurithi, na mtu akivikosa kwenye picha hujiona mgeni.

Kovu ni la kuuliza. Wapo wanaotaka lifutwe, na wapo wanaolihesabu kuwa sehemu ya sura yao. Mzee wa Kimakonde mwenye nembo usoni alichanjwa kwa makusudi, na kuzifuta nembo hizo ni kumvua utambulisho wake.

Chunusi mbichi ndizo rahisi. Zima leya ya maduara, kisha kwenye leya nyingine tupu chukua Healing Brush, weka Sample kwenye Current & Below, kisha fanya brashi iwe kubwa kidogo tu kuliko chunusi. Shikilia Alt, bofya ngozi safi iliyo karibu na yenye mwanga uleule, halafu gusa chunusi mara moja. Brashi hii huchukua vinyweleo kutoka ulikobofya na kuvichanganya na rangi ya pale unapopaka. Hapo ndipo hatari ilipo: chunusi ikipakana na kidoto au mdomo, weusi wa jirani huvutwa ndani na kuacha ukungu. Dawa yake ni kuizungushia chunusi uteuzi kwa Lasso, mstari ukikiacha kidoto nje, ndipo upake.

Mabaka ya taya yanataka mkono mwingine kabisa, na hapa ndipo nimeona nyuso nyingi nyeusi zikiharibiwa. Kwenye ngozi nyeusi chunusi ikipona huacha weusi unaoweza kukaa miezi, lakini vinyweleo vya ngozi ile ni vizima. Ukipaka Healing Brush taya nzima, unabadilisha ngozi isiyo na kosa, na vinyweleo huanza kujirudia kama mhuri. Kilichokosewa ni mwanga tu. Weka leya ya Curves, nyanyua mstari kidogo katikati, jaza barakoa yake rangi nyeusi, kisha paka nyeupe juu ya baka kwa brashi laini yenye Flow ya asilimia 3 hivi. Baka litafifia polepole, pasi baada ya pasi. Likigeuka la kijivu, umeng'arisha kupita kiasi au rangi ya joto imepotea. Irudishe kwa leya tofauti ya rangi.

Kovu lililoinuka nalo hutibiwa hivyohivyo, kwa sababu jicho hulitambua kwa upande mmoja unaong'aa na mwingine wenye kivuli. Punguza vyote viwili na kovu litalala. Kovu kubwa lililovimba halifutiki lote bila shavu kuonekana bandia, na mteja aambiwe hivyo kabla ya kulipa.

Ukimaliza, washa tena leya ya maduara mekundu na uhesabu: kila duara liwe na kitu ndani yake. Kisha tazama picha kwa asilimia 100, halafu ipunguze hadi iwe na ukubwa wa simu, kwani hapo ndipo mawimbi ya giza na mwanga yaliyojificha karibu hujitokeza. Mwisho zima na kuwasha leya za usafi. Ukiona uso umebadilika umbo badala ya ngozi kutulia, shusha Opacity ya leya hizo hadi 60 au 70, ili dalili kidogo ya chunusi ya kweli ibaki. Picha ya pasipoti usiiguse hata kidogo: masharti yake yanakataza kubadilisha sura, na hata baka la muda hubaki lilivyo.