Kwa Nini Kopo la Nyanya Ni Refu Kuliko Upana Wake

Tuseme kiwanda kinataka kopo la kufungwa juu na chini, lenye ujazo wa mililita 400. Linaweza kuwa jembamba na refu au pana na fupi. Umbo lipi linakula bati kidogo zaidi?

Kipenyo kikiwa sentimita 6, bati lote ni takriban sentimita za mraba 323. Kikiwa 10, ni 317. Kikiwa 8, ni 301 tu, na hapo kimo nacho ni karibu 8. Ndiyo kanuni yenyewe: bati hupungua kabisa pale kimo kinapolingana na kipenyo.

Sababu yake inapendeza. Panua kipenyo kwa asilimia 1. Eneo la kitako na mfuniko litaongezeka kwa karibu asilimia 2. Ili ujazo usibadilike, kimo kitashuka kwa karibu asilimia 2, lakini mzingo umerefuka kwa asilimia 1, hivyo ubavu unapungua kwa asilimia 1 tu. Faida na hasara zitalingana pale ubavu utakapokuwa mara mbili ya kitako na mfuniko kwa pamoja. Kwenye kopo letu, ubavu ni 200 na maduara mawili ni 100.

Sasa pima kopo la kawaida la nyanya la gramu 400. Kipenyo chake ni kama sentimita 7.3, na kimo kinakaribia 11. Je, kiwanda kimekosea?

Hapana. Hesabu ile ilisahau kwamba maduara hukatwa kwenye bati bapa, na pembe hubaki. Duara likikatwa ndani ya mraba, zaidi ya asilimia 21 ya mraba huo ni mabaki. Tukihesabu miraba mizima badala ya maduara, sharti ni lile lile, ubavu uwe mara mbili ya miraba miwili, lakini jibu linahama: kipenyo sentimita 7.4, kimo 9.4. Kopo limerefuka.

Tena, karibu na umbo bora hasara ni ndogo mno. Kopo la mililita 400 lenye kipenyo cha 7.3 linazidi kopo bora la hesabu ya kwanza kwa chini ya asilimia 1 ya bati. Kwa hiyo mtengenezaji ana uhuru wa kufikiria mengine, kama vile mkunjo unaounganisha mfuniko na ubavu, ambao nao hula bati kuzunguka ukingo wote na kupendelea kopo jembamba zaidi.

Maduara yakikatwa kwa safu zinazopishana, kila moja likiingia kwenye pengo la mawili ya safu ya jirani, mabaki hushuka hadi asilimia 9 hivi. Hapo kopo bora hufupika tena: kipenyo 7.7, kimo 8.5.